Kamati imesahihisha BOQ yetu na kutupunguzia karibu milioni 7: je, mstari wa fomu ni kosa la nukta au ni kosa la bei?

#1 Kipimo_Sahihi

Wakuu, habari za jioni. Mimi ni mkadiriaji majenzi kijana katika kampuni ndogo ya ukandarasi. Tuliomba zabuni ya jengo dogo la shirika binafsi, na siku ya kufungua bahasha bei yetu ilisomwa kuwa shilingi 96,642,000 pamoja na VAT. Tulikuwa wa chini kuliko wote, na aliyetufuata alisomwa 97,150,000. Jana tumepokea barua ya kamati ya tathmini ikisema kwamba baada ya kusahihisha hesabu bei yetu ni 89,694,927, na kwamba tuikubali kwa maandishi ndani ya siku tano au zabuni ikataliwe na dhamana yetu ichukuliwe.

Barua inautaja mstari mmoja tu kwa jina, ule wa fomu za mbao za zege. Naweka hapa Bili Na. 2 yote kama tulivyoiwasilisha:

```
A  Kuchimba msingi     86 m³   x  12,000  =   1,032,000
B  Zege daraja 25      34 m³   x 385,000  =  13,900,000
C  Nondo            1,850 kg   x   4,200  =   7,770,000
D  Fomu za mbao       210 m²   x   2,800  =   5,880,000
E  Ukuta wa tofali    265 m²   x  46,000  =  12,190,000
   Jumla ya Bili Na. 2                       40,772,000
```

Kwenye muhtasari tuliandika Bili Na. 1 (maandalizi) 6,500,000, Bili Na. 2 40,277,000 na Bili Na. 3 (paa na umaliziaji) 31,223,000, jumla 78,000,000. Ikaongezwa dharura ya asilimia 5, kisha VAT ya asilimia 18. Bei yetu halisi ya fomu ni 28,000 na kila anayejenga anajua kwamba 2,800 kwa mita ya mraba haitoshi hata mbao. Naomba mawazo yenu kabla sijamwandikia mkurugenzi wangu.

#2 Nyundo_ya_Iringa

Pole sana, ndugu. Kwa ninavyofahamu mimi, maneno yanashinda tarakimu. Kwenye fomu ya zabuni mliandika kwa maneno "milioni tisini na sita, laki sita na arobaini na mbili elfu", basi hiyo ndiyo bei yenu na kamati haina ruhusa ya kuigusa. Waandikieni hivyo na mambo yataisha.

#3 Mzee_wa_Tathmini

Nyundo, hapo umeshika nusu ya kanuni ukaiacha nusu ya pili. Maneno hushinda tarakimu pale yanapopingana yenyewe kwa yenyewe, lakini kifungu kilekile huendelea kusema kwamba ikiwa kiasi cha maneno kimetokana na kosa la hesabu, basi kinachofuatwa ni tarakimu zilizosahihishwa. Maneno ya fomu ya zabuni yalinakiliwa tu kutoka kwenye muhtasari, na muhtasari wenyewe una makosa.

Kipimo, mwanangu, umeuliza habari ya mstari mmoja lakini nimezidisha yote matano na kuona makosa matatu, mawili ambayo hujayasema. Anza na B: 34 mara 385,000 ni 13,090,000, ninyi mmeandika 13,900,000. Mmejiongezea 810,000. La pili ni D yako. La tatu halimo katika mstari wowote: jumla ya bili ni 40,772,000 lakini ilipohamishiwa kwenye muhtasari ikawa 40,277,000. Hapo mmejipunguzia 495,000 bila kujua.

Sasa tufuate hesabu ya kamati. Kanuni ya kwanza katika nyaraka nyingi za zabuni ni kwamba bei ya kizio inashinda jumla ya mstari. Kwa hiyo B inakuwa 13,090,000 na D, kwa bei ya 2,800, inakuwa 588,000. Bili Na. 2 inashuka hadi 34,670,000, na jumla ya bili tatu ni 72,393,000. Dharura ni 3,619,650, VAT ni 13,682,277, na jumla kuu ni 89,694,927. Imelingana na barua hadi shilingi ya mwisho, kwa hiyo tunajua bila kubahatisha jinsi walivyousoma mstari wa D.

Lakini kanuni hiyo ina ubaguzi mmoja: ikiwa ni dhahiri kwamba nukta ya desimali imewekwa mahali pasipo pake katika bei ya kizio, basi jumla ya mstari ndiyo inayoshinda na bei ya kizio inarekebishwa. Ukiisoma D kwa ubaguzi huo, Bili Na. 2 ni 39,962,000, bili tatu ni 77,685,000, na ukiongeza dharura na VAT unapata 96,251,715. Tofauti na bei iliyosomwa ni 390,285 tu. Kwa hiyo shauri lenu lote linasimama juu ya swali moja, kama D ni kosa la nukta lililo dhahiri au siyo. Soma kifungu chenu neno kwa neno, maana mwenye zabuni ni shirika binafsi na kinachowafunga ninyi na wao ni kile kilichochapishwa katika nyaraka zao.

#4 Kipimo_Sahihi

Ahsante sana, Mzee. Nakiri kwamba B na muhtasari sikuviona kabisa, na nimevirudia kwa kikokotoo sasa hivi, ni kweli. Nimekisoma kifungu chetu pia. Kimeandikwa kama ulivyosema, bei ya kizio inashinda isipokuwa nukta ya desimali imekosewa kwa dhahiri "kwa maoni ya mwajiri". Hayo maneno manne ya mwisho ndiyo yananisumbua.

#5 Mhasibu_Morogoro

Niongeze jambo ambalo wahasibu tunalitumia kila siku. Tofauti ikigawanyika kwa tisa bila kubaki, mara nyingi tarakimu mbili zimebadilishana nafasi. Angalieni muhtasari: 495,000 gawanya kwa 9 ni 55,000 kamili, kwa kuwa 772 imegeuka 277. Angalieni B: 810,000 gawanya kwa 9 ni 90,000, kwa kuwa 09 imegeuka 90. Na D? Tofauti ni 5,292,000, gawanya kwa 9 ni 588,000 kamili. Kwa hiyo D nayo ni tarakimu zilizobadilishana nafasi, si nukta.

#6 Mzee_wa_Tathmini

Mhasibu, kipimo chako cha tisa ni kizuri lakini hapo kimekupeleka mbali. Namba ikipoteza sifuri moja ya mwisho, tofauti huwa mara tisa ya namba iliyobaki, na ndiyo sababu umepata 588,000, ambayo ni jumla ya mstari yenyewe kwa bei ya 2,800. Kipimo hicho kinaonyesha kubadilishana nafasi na kinaonyesha kuhama kwa sifuri, bila kutofautisha kimoja na kingine. Tena makosa mawili ya namna hiyo yakijumlishwa, tofauti ya jumla kuu bado itagawanyika kwa tisa, kwa hiyo usikitumie kwenye muhtasari kabla hujashuka kwenye mistari.

Kinachotofautisha ni kugawanya jumla ya mstari kwa kiasi. 5,880,000 gawanya kwa 210 ni 28,000 kamili, yaani mara kumi kamili ya 2,800. B haifanyi hivyo: 13,900,000 gawanya kwa 34 haitoi namba kamili wala namba inayofanana na 385,000 kwa mara kumi. Mimi nimekaa kwenye kamati za namna hii miaka mingi, na mgawanyo unaotoa mara kumi au mara mia kamili ndiyo alama ya kwanza ninayoitafuta.

#7 Bati_Geji_28

Mimi yalinikuta mwaka jana kwenye paa la nyumba ya mtu. BOQ ilisema mabati mita za mraba 180, nilipopima nikapata 214. Nikaandika 214 mwenyewe kwenye zabuni na kazi nikakosa. Kwa hiyo, Kipimo, kwanza kapime upya hizo 210 za fomu, huenda kosa liko kwenye kiasi.

#8 Dada_Ramani

Kaka Bati, pole kwa kukosa kazi, ila swali la hapa ni lingine. Safu ya kiasi ni ya mwajiri, na mzabuni haruhusiwi kuigusa hata akiwa na uhakika kwamba imekosewa. Ukiona kasoro unaomba ufafanuzi kabla ya tarehe ya mwisho. Ulipoandika 214 ulikuwa umeshabadilisha zabuni, na bei yako haikuweza tena kulinganishwa na za wengine.

Kuhusu D, mimi ninaisoma tofauti na Mzee, kwa heshima zote. Kifungu kinasema nukta ya desimali. Shilingi yetu kwenye BOQ haiandikwi na senti, hakuna nukta katika 2,800, kuna koma ya maelfu tu. Mtu aliyesahau sifuri hajahamisha nukta, ameandika bei nyingine. Ubaguzi wowote katika kanuni unatakiwa usomwe kwa ufinyu, la sivyo kila mzabuni atakuja na sifuri yake.

#9 Mzee_wa_Tathmini

Dada Ramani, hoja yako nimeisikia hata kwenye vikao, na wapo wanaoamua hivyo. Mimi nasema kwamba 2,800 na 28,000 zinatofautiana kwa mahali pa nukta tu, hata kama nukta yenyewe haikuchapishwa. Ila sitasema kwamba umekosea, maana kifungu hakikufafanua.

Kipimo, nisaidie jambo moja: je, fomu za mbao zipo mahali pengine katika BOQ yenu, na mliweka bei gani?

#10 Kipimo_Sahihi

Zipo, Mzee. Katika Bili Na. 3 kuna fomu za boriti ya juu ya ukuta, tumeweka 28,500 kwa mita ya mraba, na jumla ya mstari huo ni sahihi.

#11 Mzee_wa_Tathmini

Basi hiyo ndiyo hoja yenu yenye nguvu, iandikeni ya kwanza. Neno "dhahiri" linatakiwa kuonekana ndani ya zabuni yenyewe, bila mzabuni kuja kueleza nia yake. Mnao ushahidi wa ndani wa namna mbili, mgawanyo unaotoa mara kumi kamili, na kazi inayofanana iliyowekewa bei inayokaribiana na 28,000.

#12 Mkaguzi_Kimya

Naomba niseme upande wa kamati, kwa kuwa mnaoneana huruma tu. Nimewahi kuona mkandarasi anayeacha mistari miwili mitatu ikiwa na bei ndogo na jumla kubwa kwa makusudi. Bahasha zikifunguliwa na akaona amekuwa wa chini kwa mbali, anadai jumla ndiyo sahihi. Akiona wa pili yuko karibu, anadai bei ya kizio ndiyo sahihi. Yaani anachagua bei yake baada ya kuona za wenzake. Kanuni ya bei ya kizio iliwekwa ili mlango huo ufungwe. Simtuhumu Kipimo, lakini kamati haimjui, na kwa kamati mstari wa D unafanana kabisa na mchezo huo.

#13 Kipimo_Sahihi

Nimekuelewa, Mkaguzi, na sijakasirika. Sisi tulipewa BOQ ya karatasi, tukaweka bei kwenye Excel, kisha katibu akapiga chapa tena namba zote kwenye nakala ya mwajiri. Nimefungua faili letu leo asubuhi: D ina 28,000 na B ina 13,090,000. Kwa hiyo makosa yote mawili yaliingia wakati wa kupiga chapa.

#14 Seli_na_Safu

Hicho ndicho chanzo basi, na ndiyo sababu wa kwenye NeST siku hizi hawapati shida ya kuzidisha: unajaza bei ya kizio na mfumo unazidisha. Kwa zabuni za karatasi, nakala ya mwisho iliyopigwa chapa inatakiwa iingizwe upya kwenye Excel na mtu mwingine, akisoma kutoka kwenye karatasi na si kwenye faili la kwanza. Kisha kila mstari uwe na safu ya ukaguzi:

```
=ROUND(C5*E5,2)-F5
```

Na chini ya ukurasa:

```
=SUMPRODUCT(C5:C40,E5:E40)-SUM(F5:F40)
```

Zote zikitoa sifuri, ukurasa uko salama.

#15 Dada_Ramani

Seli, ya pili inahitaji tahadhari. Bei ikiwa imeingia kama maandishi, kwa mfano umenakili kutoka kwenye PDF, `C5*E5` huigeuza kuwa namba na kutoa jibu sahihi, lakini `SUMPRODUCT` iliyoandikwa kwa koma huihesabu kuwa sifuri. Utaona tofauti kubwa chini ya ukurasa huku kila mstari ukisema sifuri, na utatafuta kosa la hesabu ambalo halipo. Niliwahi kupoteza usiku mzima kwa jambo hilo. Jaribu `=ISTEXT(E5)` kwanza.

Tena fomula hizo hazitazami kitu kimoja, nacho ni mstari ulio nje ya masafa. Ukiingiza kipengele chini ya mstari wa mwisho, `SUM` inaweza kubaki ikiishia juu yake, na ukaguzi wako pia ukaishia hapohapo, vyote viwili vikikubaliana kwa makosa.

#16 Nairobi_QS

Hamjambo ndugu zetu. Huku Kenya mjadala huu ungechukua njia nyingine kabisa, kwa zabuni za serikali. Kifungu cha 82 cha sheria ya ununuzi ya 2015 kinasema bei iliyosomwa wakati wa kufungua zabuni ni ya mwisho na haisahihishwi na mtu yeyote. Nayo kanuni ya 74 ya mwaka wa 2020 inahesabu makosa ya bei ya kizio, kiasi na jumla kuwa mkengeuko mkubwa unaoondoa zabuni, ingawa kanuni hiyo imewekwa chini ya kifungu cha 79 kinachoruhusu makosa yanayoweza kurekebishwa bila kugusa kiini cha zabuni. Kwa hivyo hata sisi hatujamaliza kubishana.

Katika nyaraka zetu nyingi bei kuu inabaki ilivyosomwa, halafu tofauti inageuzwa kuwa asilimia ya kazi iliyosahihishwa, bila kuhesabu viasi vya kukadiria, na asilimia hiyo inatumika kwenye kila hati ya malipo na kila kazi ya ziada. Bei yako haibadiliki, lakini kosa linakufuata hadi mwisho wa kazi.

#17 Nyundo_ya_Iringa

Nimekubali kusahihishwa kuhusu maneno na tarakimu, ahsante Mzee. Ila sasa naona jibu ni rahisi: kubalini hiyo 89,694,927 mpate kazi, mtajirudishia kwenye kazi za ziada.

#18 Mkaguzi_Kimya

Huo ndio ushauri ulioangusha wengi, Nyundo. Ikiwa mkataba ni wa kupima upya kazi iliyofanyika, kinachobaki hai baada ya kusaini ni bei ya kizio. Wakikubali, fomu ni 2,800 hadi mwisho. Mita 210 zikiwa 260 baada ya kupima, zile 50 za ziada nazo zinalipwa 2,800, yaani 140,000 kwa kazi ambayo kwa bei yao halisi ni 1,400,000. Kazi za ziada zitawaongezea hasara.

#19 Kipimo_Sahihi

Wakuu, nimerudi na jambo lililonikosesha usingizi. Baada ya onyo la Dada Ramani niliingiza upya Bili Na. 3 yote kutoka kwenye karatasi, mstari kwa mstari. Mistari yote iko sahihi. Lakini katika ukurasa wa pili, mstari wa mwisho, kupaka rangi 310 m² kwa 4,000, yaani 1,240,000, haumo katika jumla ya ukurasa. Tuliuongeza siku ya mwisho, na `SUM` iliishia mstari wa juu yake. Bili Na. 3 ilitakiwa kuwa 32,463,000. Kamati nayo haikuliona, maana hesabu ya Mzee iliyolingana na barua ilitumia 31,223,000.

Nimepiga hesabu zote mbili. D ikisomwa kwa 2,800, bei yetu ni 91,231,287. D ikisomwa kwa 28,000 kama tunavyodai, bei yetu inakuwa 97,788,075, na hapo tunampita yule wa pili aliyesomwa 97,150,000. Nikidai haki yangu yote, huenda nikaipoteza kazi.

#20 Mhasibu_Morogoro

Usiliseme la rangi. Dai D peke yake, mbaki na 96,251,715 na nafasi ya kwanza. Kutafuta makosa ni kazi ya kamati.

#21 Mkaguzi_Kimya

Sikubaliani hata kidogo. Ukiwaandikia kuhusu D tu, watairudia BOQ yote, na wakilikuta la rangi watasema ulichagua kosa la kuonyesha. Hapo ule mchezo nilioutaja #12 utakuwa umeufanya kweli, hata kama hukukusudia.

#22 Mzee_wa_Tathmini

Mimi niko na Mkaguzi kuhusu kusema yote, ila, Kipimo, usijihesabu wa pili mapema. Hiyo 97,150,000 ni bei iliyosomwa tu. BOQ ya mwenzako nayo inatakiwa ipitie kuzidishwa na kujumlishwa kama yenu, na hakuna hapa anayejua itatoka ikiwa ngapi. Kuna pia watakaosema kwamba jumla ya ukurasa ikikosewa na mistari iko sahihi, mistari ndiyo inayoshinda bila ubishi, na wengine watakaosema kifungu kinataja jumla za bili tu. Angalia chenu kimeandikaje.

#23 Kipimo_Sahihi

Kinasema "jumla ndogo zinashinda jumla kuu", basi. Hakisemi jumla ndogo yenyewe ikikosewa inakuwaje. Nimemwandikia mkurugenzi makosa yote manne pamoja na hesabu za pande zote mbili, na nimemshauri tupeleke yote. Anataka kwanza kuongea na mwanasheria. Zimebaki siku tatu.

#24 Dada_Ramani

Siku tatu zinatosha kuandika barua moja. Ambatanisha ukurasa ule wa Bili Na. 3 wenye fomu za boriti kwa 28,500, na karatasi ya mgawanyo wa 5,880,000 kwa 210. Mimi bado nasema sifuri si nukta, lakini kama ningekuwa kwenye kamati hiyo, ningetaka kuviona hivyo viwili kabla ya kupiga kura.